Neno Nililoliondoa Kwenye Klipu ya Mkunga

Kazi yangu ni kukata hotuba. Mtu anazungumza ukumbini saa nzima, tunamrekodi, kisha mimi nakaa mbele ya kompyuta na kuikata ile saa vipande vya dakika tatu, nne au tano. Kila kipande kinapata kichwa chake na picha yake ya mbele, halafu tunakipandisha kwenye chaneli ya studio. Studio yenyewe ni chumba kimoja Mabatini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na tupo wawili tu: mwenye studio, ambaye ana kamera na taa, na mimi.

Zamani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huko kwetu Kagera. Nilihamia Mwanza kumfuata mume wangu, nikakosa shule, na hivyo ndivyo nilivyojikuta kwenye kazi hii. Bosi ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, lakini tangu siku ya kwanza ananiita Mwalimu, na tangu siku ya kwanza alinikabidhi vichwa. "Picha ni zangu," alisema. "Maneno ni yako."

Vichwa vya klipu za kuhamasisha huandikwa kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchukua sentensi ya mzungumzaji mwenyewe, kama alivyoisema, ukaiweka ndani ya alama za kunukuu. Ya pili ni kuandika mada, yaani klipu inahusu nini: namna ya kurudi shule ukiwa na watoto, namna ya kuacha pombe. Nukuu ina sauti ya mtu. Anayepitisha kidole kwenye simu akiisikia kichwani mwake husimama. Lakini hakuna anayeitafuta, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ilisemwa, na siku zake mara nyingi ni chache: inapanda wiki ya kwanza, kisha inazama. Mada haimsimamishi mtu haraka. Ila mwenye shida huandika shida yake mahali pa kutafutia, na mada ikiwa imeandikwa kwa maneno yake, ataikuta, leo au mwaka kesho. Mada ikiwa pana mno, kama "Umuhimu wa Kujiamini", haifai kitu, maana ziko maelfu za namna hiyo na yako ni moja tu kati yao.

Mimi nilikuwa mtu wa nukuu. Nasema hivyo bila kujitetea. Miaka ya kusahihisha insha ilinifundisha kuipenda sentensi yenye uhai, na niliona mada ni kama lebo ya faili la ofisini. Bosi naye alipenda nukuu kwa sababu aliona jinsi zinavyopanda. Kwa hiyo hatukuwahi kubishana.

Mkunga aliletwa kwetu na kikundi cha akina mama wa Nyakato. Walikuwa wamemwalika azungumze ukumbini kwa wanawake wanaofanya kazi viwandani na kwa wauguzi vijana waliokuwa wamemaliza chuo, wakatulipa turekodi. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Mara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, anaishi Kiseke na mjukuu wake. Hakuzungumza kama wahamasishaji wengine. Hakutembea jukwaani wala hakuwaambia watu wanyanyue mikono. Alisimama mahali pamoja akiwa ameshika kiti, akazungumza.

Katikati ya hotuba alisimulia habari ya kisiwa alichofanyia kazi zamani. Hakutaja kisiwa gani. Mchana mmoja mama mmoja alijifungua salama mtoto wa kike, kisha damu ikaanza kutoka na isikome. Mkunga alikuwa peke yake zahanati. Alimchoma sindano ya kulibana tumbo la uzazi, akalikanda kwa mkono, akamtundikia dripu, na damu ikaendelea. Alipoona haisimami aliita boti. Walimpakia, naye akapanda pamoja naye. Mama yule alikata roho katikati ya maji, kabla hawajaiona ng'ambo vizuri.

Kisha akasema maneno haya, nayakumbuka mpaka leo kwa sababu niliyasikiliza mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote:

"Kwa miaka mingi niliamini nimemuua mimi. Nilihesabu zile dakika nilizokaa kabla ya kuita boti, nikajihukumu nazo. Mpaka daktari mmoja aliposoma nami lile faili, mstari kwa mstari, akaniambia: damu ya kumuongezea haikuwepo ng'ambo siku ile. Hata boti ingekuwa mlangoni. Ndipo nikarudi kuzalisha bila kutetemeka mikono."

Mimi niliyekuwa nyuma ya kamera ya pili nilijua, kwa ile tabia mbaya ya kazi, kwamba hiyo ndiyo klipu.

Tulipomaliza nilimfuata kumuaga na kumweleza kinachofuata. Nilimwambia tutapata vipande kama tisa na kwamba nitaviandikia vichwa.

"Vichwa vya namna gani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mara nyingi tunachukua maneno ya mzungumzaji mwenyewe.

Alifikiri kidogo. "Mwanangu, mimi ningependa muandike ninachofundisha. Hayo mengine nimeyasema ili wanielewe."

"Mama, watu wanavutwa na maneno yako. Wakishafungua, wanafundishwa."

"Haya," akasema. "Kazi yenu mnaijua nyie."

Nilichukua neno hilo kama ruhusa. Sasa naliona jinsi lilivyokuwa: mtu mzima aliyekuwa amechoka, amesimama saa nzima, hataki kubishana na mtu anayemwita mama.

Klipu ile ilikuwa ya dakika nne na sekunde chache. Kichwa nilikiandika hivi: "Kwa Miaka Mingi Niliamini Nimemuua Mimi": Mkunga Mstaafu Aeleza Alivyojisamehe. Nilikipenda. Kilikuwa na nukuu na kilikuwa na mada, na kila neno lilikuwa la kweli. Lakini klipu inasomwa kwenye simu, na kwenye simu kichwa kirefu hukatwa. Kwenye orodha ndefu ya video, au mtu akikutumia kiungo, inabaki sehemu ya mbele na vinukta vitatu. Kujisamehe kote kulikuwa nyuma ya vile vinukta.

Halafu kuna picha ya mbele. Hapo maneno yanatakiwa yawe machache na makubwa, la sivyo hayasomeki. Tulikuwa na picha ya mkunga akiwa ameinamisha macho, na bosi alikuwa ameacha nafasi upande wa kulia. Niliandika "Niliamini nimemuua mimi." Herufi zikawa ndogo. Nikazikuza, hazikutosha. Nikajaribu kuyaweka mistari mitatu, yakaukaribia uso wake. Mwisho nikafuta neno la kwanza. Yakabaki mawili, makubwa, meupe: NIMEMUUA MIMI.

Niliona tofauti, siwezi kusema sikuiona. Nilifundisha sarufi miaka tisa. Nilijiambia kwamba neno lililotoka lipo kwenye kichwa hapo chini, na anayefungua atalisikia kwa sauti yake mwenyewe. Tena ili mtazamaji asikate tamaa akisubiri maneno yaliyomvuta, nilichukua sekunde sita za ile sentensi nikaziweka mwanzo kabisa wa klipu, kabla ya simulizi, kama tunavyofanya siku zote. Kwenye zile sekunde sita neno lilikuwepo. Hilo lilinituliza.

Klipu ilipanda kuliko zote tulizowahi kuweka. Siku ya tatu bosi alikuja na soda mbili, tukanywa tukitazama ule mstari wa grafu ukikwea. Makundi ya simu yalikuwa yameichukua. Nilimpigia mkunga kumweleza, akasema wajukuu wamemwonyesha, kisha akauliza kama ile ya jinsi ya kumpokea mgonjwa nayo inatazamwa. Nilimwambia bado.

Wiki ya pili ilikuja simu kwenye namba ya studio. Sauti ya msichana, ya taratibu sana.

"Shikamoo. Nimeitoa namba kwenye chaneli yenu. Ni nyie mnaoweka video ya mkunga?"

"Marahaba. Ni sisi."

"Mama aliyefariki kwenye ile boti ni mama yangu. Mtoto aliyezaliwa siku ile ni mimi."

Nilisikia tu pumzi yake na, nyuma yake, kuku na mtu anayepiga nyundo kwenye bati.

"Nakuja Mwanza keshokutwa," akasema. "Naomba tuonane."

Alifika saa nane mchana akiwa na mfuko mdogo begani. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, fundi cherehani, amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe kwa mkono safi kabisa. Nilimpa kiti changu. Bosi alitaka kutoka atuache, msichana akamwambia abaki kwa kuwa na yeye inamhusu.

Akatueleza. Mkunga hakutaja kisiwa, ni kweli, lakini alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa, na sura yake watu wanaijua. Amezalisha nusu ya kijiji. Na kila mtu mzima anajua ni nani aliyefia kwenye boti. Picha ilipofika kwenye kundi la kijiji, ilipita simu kwa simu ndani ya asubuhi moja.

"Hawafungui," alisema. "Hicho ndicho nilichokuja kusema. Wanasoma yale maneno mawili kwenye picha, wanatuma kwa mwingine. Wengi simu zao hazina kifurushi cha kutazama video. Mwenye bando naye anaona zile sekunde za mwanzo, analia, anafunga. Wanasema nesi amekiri. Ameona amezeeka, anataka kutubu."

Aliyemlea ni mama mdogo, mdogo wake marehemu. Huyo alikuwa amemwamini mkunga miaka yote ile. Hata watoto wake mwenyewe wawili alizalishwa na mikono ile ile, baada ya msiba. Alipoona picha alikaa chini uani, hakula siku nzima. Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza kama kesi ya zamani hivyo bado inafunguliwa.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi niliitazama yote. Mara tatu." Akaweka mfuko wake sakafuni. "Nyumbani kwa baba waliniambia toka nikiwa mdogo kwamba nilikuja nikamchukua mama yangu. Bibi alikuwa anasema hivyo hata mbele za watu, kama utani. Sikuwahi kujua kwamba ilikuwa damu. Nilikuwa najua ni mimi. Video yenu ndiyo iliyoniambia ni damu."

Bosi aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa natazama mikono ya msichana, ile mikono ya fundi, yenye alama ndogo za sindano kwenye vidole. Nilimwambia kwamba kichwa niliandika mimi, na yale maneno ya kwenye picha niliyapunguza mimi. Nilimwonyesha kwenye kompyuta picha ya kwanza, yenye neno niliamini, ile niliyoiacha. Sikujua kwa nini namwonyesha. Labda nilitaka mtu mwenye haki ya kunihukumu aone kwamba ilikuwa karibu.

Aliitazama kwa muda. "Hii ingekuwa afadhali," alisema. "Lakini kisiwani wangeisoma vile vile."

"Naifuta sasa hivi," bosi akasema, mkono tayari uko kwenye kipanya.

"Msifute. Mkifuta watasema mmeficha, na ile picha wameshaihifadhi. Nataka ibaki, watu wakinionyesha picha niwaambie nenda kaangalie yote, ipo. Badilisheni maneno. Na kabla ya hapo nataka nimwone yeye."

Nilimpigia mkunga simu nikiwa nimesimama ngazini, ili msichana asinisikie. Nilimweleza kila kitu, na picha, na neno. Hakunikatisha.

"Yuko hapo?" akauliza.

"Yuko hapa, mama."

"Mlete."

Kiseke tulikwenda wote watatu kwa gari la bosi. Mkunga alikuwa amekaa kibarazani, amevaa kama anayekwenda kanisani. Msichana alipiga goti kumsalimia. Mkunga aliitikia, akamshika bega akamwinua, akamtazama uso kwa muda mrefu. Sisi tulibaki pale kwenye mlango wa uzio, hatujui kama tuingie. Akatuita.

Hawakukumbatiana. Waliketi kwenye viti viwili vinavyotazamana, na msichana akauliza alichokuja kuuliza.

"Alisema nini?"

"Aliuliza mtoto gani. Nikamwambia wa kike. Akafurahi, kwa kuwa alishasema anataka wa kike. Kwenye boti alisema nikufunike vizuri, kuna upepo. Wewe ulibaki ufukweni na mama yako mdogo, hukuwemo kwenye boti, lakini yeye alidhani upo. Nikamwambia nimekufunika."

Msichana aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Hukuja kwenye msiba," alisema baadaye. Alilisema bila ukali.

"Sikuja. Nilijifungia ndani siku mbili. Mganga wa zahanati aliporudi alikuja kunigongea, akasema kuna mama mwingine ana uchungu. Nikaenda kuzalisha. Kwenu sikuja, na miaka tisa yote niliyokaa pale sikuwahi kuwaambia kilichotokea, na nyie hamkuniuliza. Mama yako mdogo alinipa heshima, nami nikaipokea nikiwa naona siistahili. Hilo kosa ni langu. Lile lingine si langu."

Mjukuu alileta chai. Tulikunywa. Kisha bosi, ambaye hawezi kukaa muda mrefu bila kutengeneza kitu, alifungua kompyuta yake mapajani na kusema tuanze na maneno.

Niliomba radhi kwanza. Nilimwambia mkunga kwamba aliniomba niandike anachofundisha na sikumsikiliza. Alisema, "Tuendelee na kazi."

Bosi alipendekeza twende kwenye mada moja kwa moja. Akasoma alichoandika: Jinsi ya Kujisamehe Baada ya Kukosea Kazini.

"Nilikosea nini?" mkunga akauliza.

Bosi akaanza kufuta alichoandika.

"Nakuuliza kwa wema, mwanangu. Nilikosea nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote ya kuandika vichwa haikunionyesha. Nilikuwa nimeshaanza kuamini, njiani kuja Kiseke, kwamba nukuu ndiyo yenye hatari na mada ni salama. Lakini mada nayo ni kauli. Nukuu inaweza kumdhulumu mtu kwa kuachwa nusu. Mada inaweza kumdhulumu kwa kuamua, kwa maneno ambayo hakuyasema kabisa, kwamba jambo lake ni la aina fulani. Neno kukosea tulilitoa sisi nyumbani kwetu. Na lingekuwa limeandikwa kwa utulivu, bila alama za kunukuu, kama vile ni ukweli unaojulikana.

Tulianza upya. Nilimwomba mkunga aniambie ni nani hasa alitaka asikie kipande kile.

"Nesi wa kituo kidogo," alisema. "Mama aliyekuwa anamzalisha amemfia mikononi wiki hii. Kesho ana zamu."

"Huyo nesi akichukua simu yake, ataandika nini?"

Alifikiri. "Ataandika ninarudije kazini."

Msichana akasema, "Muandike na kwamba mama alifariki kwa damu. Muiandike wazi. Na iwe mbele."

Ikachukua karibu saa nzima. Tulikuwa watu wazima wanne tukigombana kwa upole juu ya maneno nane. Nilipima kila mara kipi kitaonekana kabla ya vinukta. Mwisho tukabaki na hiki: Mama Alifariki kwa Kuvuja Damu: Mkunga Anarudije Kazini. Hakikuwa kizuri. Kama mwanafunzi wangu angeniletea ningempigia mstari chini yake. Lakini hakuna mahali ungeweza kukikata kikageuka kuwa uongo.

Picha ya mbele tulibadilisha, tukaweka uso wake akiwa ameinua macho, bila maneno. Kichwa na picha hubadilishwa pale pale na anwani ya klipu inabaki ile ile. Video yenyewe huwezi kuiondoa na kuweka nyingine mahali pake, lakini chaneli inakuruhusu kukata kipande ndani yake, basi nikazikata zile sekunde sita za mwanzo. Kukata huko kulichukua saa kadhaa kukamilika. Asubuhi yake nilipofungua, klipu ilianza na mkunga akisema, "Nilikuwa peke yangu zahanati siku ile."

Mstari wa grafu ulianguka ndani ya siku mbili. Bosi alinionyesha, nami nikarudi kwenye kazi. Ile picha ya zamani ilikuwa bado inazunguka kwenye simu za watu na hatukuwa na mkono wa kuifikia. Shangazi yangu wa Bukoba alinitumia mwezi ule ule, bila kujua kwamba niliitengeneza mimi, ameandika chini yake, "Wauguzi wa siku hizi." Nilimwandikia ujumbe mrefu na kumpa kiungo. Sijui kama alifungua.

Vile vipande vingine vinane nilivipeleka Kiseke, tukavipitia kimoja kimoja. Nilidhani atazikataa nukuu zote. Alikubali mbili. Moja ilikuwa, "Mwambie mgonjwa jina lako kabla hujamgusa." Alisema hiyo iache hivyo hivyo, maana hata mtu asipofungua, atakuwa ameshafundishwa. Nyingine zote tukaziandikia mada, kwa maneno ambayo nesi wa zamu angeyaandika mwenyewe.

Baada ya miezi miwili ile klipu ilianza kusogea tena, polepole, watu wachache kila siku. Kwenye maoni aliandika muuguzi mmoja kwamba yupo zahanati ya kijijini, mama aliyekuwa anamzalisha amemfia mikononi Jumanne, na kwamba alikuwa ameandika maneno yale yale mahali pa kutafutia, akiwa amekaa bafuni ili wenzake wasimwone. Nilimsomea mkunga kwa simu. Alisema nimuulize yuko wapi, na kama ana mtu wa kukaa naye. Walizungumza baadaye. Sikuuliza walisema nini.

Mama mdogo hakutaka kuitazama klipu. Msichana alijaribu mara mbili kumwekea, mama mdogo akanyanyuka akaenda uani. Alisema kama kuna la kuambiwa aambiwe na mtu. Kwa hiyo mkunga alikwenda kisiwani, na kwa kuwa miguu yake si mizuri aliniomba nimsindikize. Tulipanda meli ya asubuhi. Njia nzima alikuwa ameshika reli, anatazama maji upande mmoja tu.

Mama mdogo alitupokea nyumbani kwake bila tabasamu. Alikuwa amepika. Tulikula ugali na samaki, watoto wakapelekwa kwa jirani, kisha akavuta kigoda akakaa mbele ya mkunga.

"Nilibaki ufukweni na mtoto," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikaona boti inakwenda, halafu nikaona inageuza. Sijawahi kuambiwa kilichokuwa kati ya kwenda na kugeuza. Niambie."

Mkunga alimwambia. Alianza na sindano, akaeleza kila alichofanya na kwa nini, na dakika alizokaa kabla ya kuita boti hakuziruka. Mama mdogo aliuliza maswali, mengine mara mbili. Aliuliza kama dada yake aliumia. Aliuliza nani alimfumba macho. Msichana alikaa kizingitini na kitambaa cha kushona mapajani, hashoni.

Walipomaliza, mama mdogo alisema kwamba kwa mwenyekiti hatarudi tena. Hakusema amesamehe, na mkunga hakumuuliza. Alituonyesha kaburi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akang'oa majani machache yaliyoota pembeni, mkunga naye akainama kwa shida akang'oa upande wake. Tulikaa pale mpaka jua lilipoanza kupungua makali, halafu msichana akatusindikiza gatini kuwahi meli ya kurudi.